Kwa nini waw ya wasala hupotea katika yasilu: mwongozo wa vitenzi vya Kiarabu vinavyoanza na waw

Swali hili huja kila msimu wa darasa, tena kutoka kwa wanafunzi wazuri: "Mwalimu, kama 'alifika' ni wasala, mbona 'anafika' ni yasilu? Waw imekwenda wapi?" Baada ya wiki mbili huja la pili, gumu zaidi: "Na kama waw hudondoka, mbona imebaki katika yuulad?" Nimeandika mwongozo huu ili maswali yote mawili yajibiwe mahali pamoja, kwa hatua ambazo unaweza kuzifuata na kitenzi chochote cha aina hii.

Jibu lenyewe ni fupi. Waw haidondoki kwa sababu ni mwanzo wa mzizi. Hudondoka kwa sababu ya irabu zilizoizunguka: fataha kabla yake na kasra baada yake. Ukijizoeza kutazama pande hizo mbili, hutahitaji kukariri orodha ndefu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe unaweza kukigeuza kitenzi cha kawaida kama kataba kwa nafsi zote, wakati uliopita na uliopo: katabtu, katabta, aktubu, taktubu, na kuendelea. Kama hapo bado unasitasita, rudi kwanza huko, kwa maana hapa hatuongezi viambishi vipya hata kimoja.

Uwe unasoma maandishi yenye irabu, na unazijua fataha, kasra, dhumma na sukuni kwa majina.

Uwe na kamusi inayoonyesha irabu ya herufi ya kati katika wakati uliopo. Kamusi nyingi huandika alama ya irabu au herufi a, i au u kando ya kitenzi. Alama hiyo ndogo ndiyo tutakayoitegemea.

Katika matamshi niliyoandika kwa herufi zetu, irabu iliyorudiwa ni ndefu (uu, aa, ii), na alama ' ni herufi ain au hamza. Ukiwa na shaka, fuata maandishi ya Kiarabu.

Hatua ya 1: Hakikisha waw ni ya mzizi, kisha ugeuze wakati uliopita bila wasiwasi

Mizizi tutakayoitumia ni hii: وصل (kufika, kuunga), وعد (kuahidi), ولد (kuzaa), وقف (kusimama), ورث (kurithi), وضع (kuweka), وهب (kutunuku). Yote inaanza na waw. Wanasarufi wa Kiarabu hukiita kitenzi cha namna hii mithaal, yaani kinachofanana, kwa sababu katika wakati uliopita kinafanana kabisa na kitenzi kizima. Kwa hiyo:

- وَصَلْتُ wasaltu, nilifika
- وَصَلْتَ wasalta, ulifika (mwanamume)
- وَصَلَتْ wasalat, alifika (mwanamke)
- وَصَلْنا wasalnaa, tulifika
- وَصَلوا wasaluu, walifika

Hakuna kinachodondoka hapa. Wapo wanaoanza kuitoa waw mapema na kuandika "saltu". Usifanye hivyo.

Hatua ya 2: Tafuta irabu ya herufi ya kati katika wakati uliopo

Fungua kamusi kwenye وصل. Utakuta alama ya kasra, au herufi i. Maana yake ni kwamba katika wakati uliopo herufi ya kati, yaani swad, inabeba kasra. Andika hilo pembeni kabla ya kuendelea.

Irabu ya wakati uliopita haikusaidii. Wasala ina fataha katikati, na waritha ina kasra katikati, lakini wakati uliopo wa zote mbili una kasra: yasilu, yarithu. Wanafunzi wengi hubahatisha hapa, kisha hushangaa kwa nini kanuni "haifanyi kazi".

Hatua ya 3: Jenga umbo zima ambalo halisemwi

Kitendee kitenzi kama ungekitendea kataba. Weka ya yenye fataha mwanzoni, herufi ya kwanza ya mzizi iwe na sukuni, herufi ya kati iwe na irabu uliyoipata kwenye kamusi, na mwisho dhumma. Utapata:

يَوْصِلُ yawsilu

Hakuna anayesema hivyo katika Kiarabu fasihi, lakini liandike tu kwenye daftari. Sasa itazame waw. Nyuma yake kuna ya yenye fataha. Mbele yake kuna swad yenye kasra. Waw yenyewe ina sukuni, haina irabu ya kujitetea. Wanasarufi wa kale walisema hapo ulimi huona uzito: unatoka kwenye ya, unapita kwenye waw ambayo hutamkwa kwa kukusanya midomo, halafu mara moja unatakiwa kuivuta midomo kwa ajili ya kasra. Waarabu waliupunguza uzito huo kwa kuiacha waw.

Hatua ya 4: Itoe waw, kisha ueneze kwa nafsi zote

يَوْصِلُ inakuwa يَصِلُ yasilu.

Mwanafunzi makini huuliza hapa: uzito ulitokana na ya, basi mbona asilu, tasilu na nasilu nazo hazina waw, ilhali hazina ya? Jibu la wanasarufi ni kwamba hizo ziliifuata ya ili mlango mzima uende mwendo mmoja. Kwako wewe unayeandika, maana yake ni nyepesi: waw ikidondoka kwa yeye, imedondoka kwa wote.

- يَصِلُ yasilu, anafika (mwanamume)
- تَصِلُ tasilu, anafika (mwanamke). Pia unafika (mwanamume)
- تَصِلينَ tasiliina, unafika (mwanamke)
- أَصِلُ asilu, ninafika
- نَصِلُ nasilu, tunafika
- تَصِلونَ tasiluuna, mnafika
- يَصِلونَ yasiluuna, wanafika (wanaume)
- يَصِلْنَ yasilna, wanafika (wanawake)
- يَصِلانِ yasilaani, wanafika wawili

Katika sentensi: تَصِلُ الطائِرَةُ إلى مَسْقَطَ مَساءً, ndege inafika Maskati jioni. Kitenzi cha kufika kwa kawaida huenda na ilaa kabla ya mahali, na ukikisoma pamoja nayo tangu mwanzo utaepuka tatizo moja nitakalolieleza chini.

Ukitanguliza lam au lan, mwisho wa kitenzi ndio unaobadilika, si mwanzo: lam yasil, hakufika, lan yasila, hatafika. Katika Suratu Huud, aya ya 81, malaika wanamwambia Nabii Luutw لَنْ يَصِلوا إِلَيْكَ, hawatakufikia. Nuni ya yasiluuna imeondoka kwa sababu ya lan, na waw ya mzizi ilikuwa imeshaondoka kwa sababu ya kasra. Ni mambo mawili tofauti yaliyokutana kwenye neno moja, na usiyachanganye: waw unayoiona mwishoni mwa يصلوا ni ya wingi, si ile ya mzizi iliyorudi.

Hatua ya 5: Unda amri kutoka wakati uliopo

Amri haitoki kwa wasala bali kwa tasilu. Ondoa ta, weka sukuni mwisho, umemaliza: صِلْ sil, fika (au unga). Kwa mwanamke صِلي silii, kwa wengi صِلوا siluu.

Kosa la kawaida ni kuongeza alifu mwanzoni, kwa mazoea ya uktub. Alifu ile huwekwa kwa sababu ukiondoa ta kwenye taktubu kinabaki kaf chenye sukuni, na Kiarabu hakianzi na herufi yenye sukuni. Hapa kilichobaki ni swad yenye kasra, ambayo inaanza bila msaada. Kwa hiyo waqafa, yaqifu, hutoa قِفْ qif, simama. Wenzetu walioko Omani na Ghuba huliona neno hilo kila siku kwenye vibao vyekundu vya barabarani, herufi mbili tu. Herufi iliyokosekana ni waw hii tunayoizungumzia.

Hatua ya 6: Ijaribu kanuni pale waw inapobaki

Hapa ndipo swali la pili linapojibiwa, na ningependa ukae nalo kidogo, kwa sababu anayeielewa aya hii ameuelewa mlango wote. Suratul Ikhlaas, aya ya 3:

لَمْ يَلِدْ وَلَمْ يُولَدْ

Hakuzaa wala hakuzaliwa. Vitenzi viwili, mzizi mmoja, ولد. Katika cha kwanza waw haipo, katika cha pili ipo. Tuvipitishe kwenye hatua ya 3.

Cha kwanza, walada, kina kasra katika wakati uliopo. Umbo zima ni yawlidu. Nyuma ya waw fataha, mbele kasra. Inadondoka: yalidu. Lam imeleta sukuni mwishoni: yalid.

Cha pili ni cha kutendwa. Kitenzi cha kutendwa katika wakati uliopo huanza na dhumma na herufi yake ya kati hupata fataha, kama yuktabu, kinaandikwa. Umbo zima basi ni yuwladu. Nyuma ya waw dhumma, mbele fataha. Hakuna hata upande mmoja unaolingana na sharti letu. Waw haina sababu ya kuondoka, na kwa kuwa ina sukuni baada ya dhumma, inatamkwa tu kama uu ndefu: yuuladu, na kwa lam, yuulad.

Sasa fanya mwenyewe na kitenzi chetu. Suratur Ra'd, aya ya 21, inawataja wale ambao يَصِلونَ ما أَمَرَ اللهُ بِهِ أَنْ يوصَلَ, wanaoyaunga yale ambayo Mwenyezi Mungu ameamrisha yaungwe. Yasiluuna, wanaunga: fataha na kasra, waw imeondoka. Yuusala, yaungwe: dhumma na fataha, waw imebaki. Funika maelezo haya kwa mkono, uyaandike maumbo mazima ya vyote viwili, ueleze kila moja kwa sauti. Ukikwama, rudi kwa yalid na yuulad.

Zingatia pia kwamba sharti ni la pande zote mbili kwa pamoja. Awsala, alifikisha, hutoa yuusilu, anafikisha. Mbele ya waw kuna kasra, lakini nyuma yake ni dhumma, hivyo waw inabaki ikiwa uu ndefu. Tofauti ya yasilu na yuusilu ndiyo tofauti ya kufika na kufikisha, na ukiifupisha uu umebadilisha maana.

Hatua ya 7: Vitenzi vyenye fataha katikati

Nimeiweka hatua hii mwisho kwa makusudi. Usiifikie kabla hatua ya 6 haijakukaa.

Wadha'a, aliweka, hutoa يَضَعُ yadha'u. Hakuna kasra hapo, na bado waw haipo. Wanasarufi wanaeleza kwamba asili yake ilikuwa na kasra, waw ikadondoka kwa kanuni ileile, kisha kasra ikageuzwa fataha kwa ajili ya herufi ya koo. Herufi za koo ni hamza, ha ya هـ, ain, ha ya ح, ghain na kha, na hupenda fataha jirani yake. Itazame yadha'u: mwisho wake ni ain. Wahaba, yahabu: katikati yake ni هـ. Waqa'a, yaqa'u, kuanguka au kutukia: ain tena.

Lakini herufi ya koo peke yake haitoshi kukupa jibu. Waji'a, aliumwa, hutoa yawja'u, na waw iko pale pale, ingawa mwisho wake ni ain, kwa sababu fataha yake ni ya asili wala haikuwahi kuwa kasra. Vivyo hivyo wajila, aliogopa, hutoa yawjalu, na katika Suratul Hijr, aya ya 53, wageni wanamwambia Nabii Ibraahiim لا تَوْجَلْ, usiogope.

Ushauri wangu ni kukariri vile vichache vinavyotumika sana na kupoteza waw licha ya fataha: yadha'u (anaweka), yaqa'u (inaanguka), yahabu (anatunuku), yasa'u (inaenea, inatosha), yata'u (anakanyaga). Kingine chochote chenye fataha, kiangalie kwenye kamusi kabla hujaitoa waw yake.

Mfano mmoja hadi mwisho

Dua ya Nabii Zakariyya katika Suratu Maryam, aya ya 5 na 6:

فَهَبْ لي مِنْ لَدُنْكَ وَلِيًّا ۝ يَرِثُني وَيَرِثُ مِنْ آلِ يَعْقوبَ

Basi nitunukie kutoka kwako mrithi, atakayenirithi na kuwarithi ukoo wa Ya'qub.

Tuanze na فَهَبْ. Fa ni kiunganishi, weka pembeni. Inabaki هَبْ, herufi mbili zenye sukuni mwishoni. Mzizi wa Kiarabu kwa kawaida una herufi tatu, kwa hiyo moja imepotea, na mahali pa kwanza pa kushuku ni mwanzoni. Rudisha waw: وهب. Kamusi inasema wahaba, yahabu, kutunuku. Amri yake ni tahabu bila ta: hab. Imekubali.

Kisha يَرِثُني. Nii mwishoni ni "mimi" wa kutendewa, iondoe. Inabaki yarithu. Ondoa ya ya wakati uliopo: herufi mbili, ra na tha. Ra ina kasra, na hiyo ni dalili nzuri kwamba kulikuwa na waw. Rudisha: ورث, kurithi. Umbo zima ni yawrithu, fataha nyuma, kasra mbele. Linalingana.

Utaratibu huo wa kutoa viambishi, kuhesabu herufi na kurudisha waw ndio utakaoutumia kila unaposoma.

Ukikwama

*Kamusi haina neno ninalolitafuta.* Pengine unalitafuta chini ya herufi isiyo yake. Yathiqu, anaamini, haiko chini ya tha bali chini ya waw: وثق. Hali ni hiyohiyo kwa majina ya kitendo yaliyopoteza waw na kupewa ta ya mviringo mwishoni: صِلَة, صِفَة, هِبَة. Mzungumzaji wa Kiswahili ana msaada hapa, maana tuna sifa na tuna wasifu, na zote zinatoka وصف.

*Nimesoma يصلون nikaona maana haikai.* Bila irabu, herufi hizi zinaweza kuwa yasiluuna, wanafika, au yusalluuna, wanaswali, ambayo mzizi wake ni mwingine kabisa. Tazama neno linalofuata. Ilaa huelekeza kwenye kufika. Alaa huelekeza kwenye kuswalia, kama katika Suratul Ahzaab, aya ya 56, يُصَلّونَ عَلى النَّبِيِّ.

*Rafiki yangu Mwarabu anasema yuusal kwa maana ya "anafika".* Hajakosea, anazungumza lahaja. Katika lahaja nyingi, za Misri, Shamu na Ghuba, waw hubaki katika kitenzi hiki. Ukijifunza kwa masikio, sema naye hivyo, lakini kwenye insha na mtihani andika يَصِلُ.

*Mbona mawqif, kituo, ina fataha kabla ya waw na kasra baada yake, na waw haijaondoka?* Kwa sababu ni jina. Kanuni hii ni ya kitenzi cha wakati uliopo na vinavyozaliwa nacho, kama amri. Ndiyo maana mji wa Iraki unaotokana na mzizi wetu wenyewe unaitwa al-Mawsil.

*Kitenzi changu kinaanza na ya, si waw.* Basi usitoe kitu. Yabisa, kilikauka, hutoa yaybasu, na ya zote mbili zinabaki.

*Nimekutana na yattasilu na siioni waw wala sababu ya kudondoka.* Haikudondoka. Hicho ni ittasala, aliwasiliana, cha mzizi uleule وصل, ambamo waw imegeuka ta na kuunganishwa na ta iliyofuata. Shadda iliyo juu ya ta ndiyo alama yake: ukiiona mwanzoni mwa kitenzi cha namna hii, jaribu waw kwanza unapofungua kamusi.